Saa ya barua ianze kitabu kikishafika

"Kitabu chenyewe bado sijakitia machoni, nyie mnaniuliza nimekionaje?"

Jibu hilo lilitoka kwa mteja wa Sumbawanga, na lilinifanya nibomoe mfululizo mzima wa barua pepe niliokuwa nimelijengea duka moja la vitabu la mtandaoni hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ndiyo hiyo: kupanga barua zinazomfuata mtu aliyenunua mara moja, ili arudi kununua mara ya pili. Mpangilio wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Siku ya malipo shukrani, siku ya saba "umekionaje kitabu?", siku ya kumi na nne vitabu vingine vitatu pamoja na punguzo. Kwa mteja wa Sinza ulikwenda vizuri, maana boda humfikia siku ileile. Huyu wa Sumbawanga mzigo wake ulikaa dukani siku mbili ukisubiri kufungwa, ukapanda basi, kisha ukalala kwa wakala kwa sababu namba ya simu juu ya bahasha ilikosewa tarakimu moja. Siku ya saba ilimkuta hana kitabu. Na kama asingejibu, siku ya kumi na nne ningemtumia punguzo la kitabu cha pili wakati cha kwanza hajakishika.

Kosa lilikuwa langu, wala halikuwa kwenye maneno ya barua. Nilianza kuhesabu siku kutoka kwenye malipo. Programu nyingi za kutuma barua hukusukuma huko, kwa kuwa malipo ndiyo tukio ambalo mfumo unaliona wenyewe. Kufika kwa kitabu hakuonekani mpaka mtu akuambie.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilobadilisha halikuhusu barua hata kidogo. Kwenye jedwali la oda tuliongeza safu moja, "imepokelewa", yenye tarehe. Boda akikabidhi hutuma meseji, na kijana wa dukani huijaza. Kwa mizigo ya basi, kijana humpigia mteja siku inayofuata tarehe ambayo basi lilitarajiwa kufika: "Mzigo umeuchukua?" Akisema ndiyo, tarehe inaandikwa. Akisema bado, haandiki kitu, na barua zote zinasubiri. Ni kazi ya dakika chache kwa siku, na bila hiyo ni heri usitume mfululizo wowote.

Barua ya kwanza bado hutoka mara tu malipo yanapoingia, lakini nimeipunguzia mzigo. Inajibu maswali matatu ya mtu aliyetuma pesa kwa watu asiowajua: mmeipata pesa yangu, kitabu kinakuja lini, nikikwama nimpigie nani. Hapo hakuna tangazo. Jina pia nimeliondoa, kwa sababu tulikuwa tukilichukua kwenye ujumbe wa M-Pesa, na watu wengi hulipia kwa laini ya mume, ya dada au ya jirani. Ukimwandikia mama "Habari HAMISI", umeshamwonyesha kuwa humjui. Sasa tunaanza na "Habari za leo," kisha jina la kitabu alichonunua. Hilo hatulikosei.

Barua ya pili hutoka siku mbili baada ya kitabu kupokelewa. Hii ndiyo niliyohangaika nayo zaidi, na sasa ina mistari minne tu:

"Habari za leo. Tumeambiwa kitabu chako kilifika juzi. Kama kuna ukurasa uliochanika, uliorudiwa au usiochapwa vizuri, jibu barua hii kwa picha moja, tutakubadilishia kwa gharama yetu. Pia tungependa kujua: ulinunua kwa ajili yako, mtoto, au zawadi?"

Swali la mwisho lina linki tatu, moja kwa kila jibu. Mteja anabonyeza moja, basi. Usilidharau, kwa sababu jibu lake ndilo linalopanga barua ya tatu itoke lini na ibebe nini. Aliyenunua zawadi ukimuuliza amefika sura ya ngapi unamchosha. Huyo mwache mpaka msimu mwingine wa zawadi.

Barua ya tatu ndiyo inayouza, na wakati wake unategemea aina ya kitabu. Fanya hesabu ya msomaji wa kawaida. Riwaya ya kurasa 200, kwa mtu anayesoma kurasa kumi kabla ya kulala, inamchukua siku ishirini. Barua ya kupendekeza kitabu kingine ikifika siku ya tano inamkuta katikati ya utamu, wala hana haja nayo. Ikifika siku ya sitini, ladha imeshamtoka. Mimi huipeleka siku ya kumi na nane, anapokaribia kumaliza na ameanza kuhofia kitabu kitaisha. Kitabu cha picha cha mtoto cha kurasa 24 husomwa usiku uleule kilipofika, na kufikia siku ya sita mzazi ameshakisoma mara kumi na amekichoka kuliko mtoto. Hapo barua inapokelewa kama msaada. Kitabu cha mapishi hakimalizwi kwa hiyo hakina siku maalumu. Naituma Alhamisi, watu wanapoanza kufikiria chakula cha mwisho wa wiki. Vitabu vya kiada navyo hufuata kalenda ya shule, kwa hiyo mnunuzi wa Januari namsubiri muhula wa pili ukaribie.

Ndani yake kuna kitabu kimoja. Zamani niliweka vitatu, hadi sita, kwa kuogopa kukosea. Lakini barua yenye vitabu sita ni katalogi, na mtu hana deni la kuijibu katalogi. Kitabu kimoja kinamlazimisha muuzaji aseme kwa nini. Kwa duka hili sentensi ya "kwa nini" huandikwa na mwenye duka mwenyewe, kwa kuwa anavisoma vitabu vyake: "Kama ulipenda jinsi bibi alivyowajibu wale wanaume barazani, hiki kina mwanamke wa namna hiyo, ila huyu ni nahodha." Sentensi ya namna hiyo haitungwi na mtu asiyesoma, na wateja wanaijua tofauti. Kwa duka lenye vitabu elfu kumi haiwezekani kwa kila kitabu, kwa hiyo anza na vile ishirini vinavyonunuliwa zaidi na wageni. Utashangaa wageni wengi huingia dukani kwa milango hiyo michache.

Sasa punguzo. Wenye maduka hulipenda, nami nalipinga karibu kila mara. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 15,000 na mchapishaji amekupa kwa asilimia 30 chini ya bei hiyo. Faida yako ni 4,500 kabla ya bahasha, nauli na mshahara. Punguzo la asilimia kumi ni 1,500, yaani theluthi ya faida imeondoka kwa mtu ambaye pengine angenunua hata hivyo. Tena umemfundisha asubiri. Kinachomzuia mteja wa mkoani mara nyingi ni nauli ya mzigo, inayofanya kitabu cha 15,000 kimfikie kwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo barua ya tatu inasema ukweli unaomfaa: kitabu cha pili na cha tatu vikiingia bahasha moja, nauli ya basi ni ileile. Duka halipotezi kitu, na oda inakuwa ya vitabu viwili.

Barua ya nne hutoka siku thelathini baada ya tatu, kwa yule tu ambaye hajanunua. Ina swali moja, "Kuna kitabu ulichokitafuta kwetu ukakikosa?", na jibu linaingia moja kwa moja kwenye simu ya mwenye duka. Baada ya hapo tunanyamaza. Atapata jarida la mwezi kama aliliomba, basi.

Kuna masharti mawili yanayokaa juu ya mfululizo wote. Mteja akinunua tena, anatoka humo papo hapo; hakuna linaloudhi kama kushauriwa ununue ulichonunua jana. Na akiwa na malalamiko yasiyomalizika, barua zote zinasimama mpaka yaishe.

Upande wa mitambo nitakuwa mfupi. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Kila anayetuma lazima kikoa chake, yaani sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, kithibitishwe, na watumaji wakubwa, ambao kwa Gmail ni wa barua 5,000 kwa siku au zaidi, wanatakiwa wawe na SPF, DKIM na DMARC, rekodi tatu zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli, pamoja na njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja. Duka dogo halifiki huko, lakini weka vyote vilevile. Kujiondoa kwa mbonyezo mmoja ni mistari miwili kwenye kichwa cha barua ambacho msomaji hakioni, na programu nzuri huiweka yenyewe:

```
List-Unsubscribe: <https://duka.example/ondoka?id=8421>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Asiyeona pa kutokea hubonyeza "taka", na Gmail inataka malalamiko hayo yasifike asilimia 0.3. Ukituma barua 200, mtu mmoja tu aliyekasirika ni asilimia 0.5. Hapa Tanzania pia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara, kwa hiyo anayeomba kutolewa kwa simu au kwa WhatsApp naye anatolewa siku hiyohiyo.

Na utajuaje kama haya yote yanafanya kazi? Usiangalie barua ngapi zimefunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mwenye simu hajaigusa, na kwenye ripoti yako itaonekana imefunguliwa. Mimi huhesabu kitu kimoja: ni wanunuzi wangapi wa mara ya kwanza walionunua tena ndani ya siku 90 tangu kitabu kiwafikie. Tena huwaacha baadhi bila mfululizo kabisa, wale ambao namba ya oda yao inaishia na 0 au 5. Hao hupata barua ya malipo tu.

Mwenye duka aliumia nilipomwambia hivyo. "Mtu mmoja kati ya watano tunamwachia aende?" Nikampa mfano. Tuseme kwa miezi mitatu una wanunuzi wapya 250. Kati ya 200 waliopata barua, 36 wamerudi, asilimia 18. Kati ya 50 ambao hawakupata, wamerudi sita, asilimia 12. Inapendeza, lakini watatu tu zaidi wa kundi dogo wakinunua kwa bahati, pengo limefutika lote. Kwa duka la ukubwa huo unahitaji kukusanya miezi mingi kabla ya kutamba, na bila kundi la 0 na 5 ungeamini wale 36 wote wameletwa na barua.

Alikubali, kwa sharti moja: swali la kitabu kilichokosekana waulizwe hata wa 0 na 5, kwa simu, siku 90 zao zikishapita. Nikasema sawa, maana wakati huo hawaharibu tena hesabu.