Ukaguzi wa usalama wa kompyuta katika ofisi ndogo: anza kwa kurejesha faili

Ukiuliza kama ofisi ina nakala rudufu, utajibiwa ndiyo. Omba urejeshewe faili. Tuseme ni duka la jumla lenye kompyuta sita, hesabu zote ziko kwa mhasibu, na nakala huingia kila usiku kwenye diski ya nje. Mwambie mhasibu arejeshe hesabu kama zilivyokuwa siku moja wiki tatu zilizopita, kwenye kompyuta nyingine, si yake, kisha alinganishe salio la siku ile na ripoti iliyochapishwa. Andika saa aliyoanza na aliyomaliza. Huo ndio muda ambao duka litakaa bila hesabu.

Hapo ndipo kasoro hujitokeza. Faili huwepo lakini likagoma kufunguka, kwa kuwa lilinakiliwa programu ya hesabu ikiwa wazi na data bado inaandikwa. Afadhali kutumia sehemu ya kuhifadhi nakala iliyo ndani ya programu yenyewe. Kasoro nyingine ni diski isiyochomolewa kamwe: virusi vya kudai fidia hufunga kila vinachoweza kuandika juu yake, diski hiyo ikiwemo. Folda ya mtandaoni inayojisasisha yenyewe nayo hupokea faili lililoharibiwa na kulifuta lile zima, isipokuwa kama inatunza matoleo ya zamani. Diski mbili za kupokezana kila Ijumaa, moja ikikaa nje ya jengo, ni gharama ndogo.

Kwa masasisho, fungua PowerShell kwenye kila kompyuta ya Windows:

```
Get-HotFix | Sort-Object InstalledOn -Descending | Select-Object -First 5
```

Tazama safu ya InstalledOn. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwa hiyo tarehe ya juu ikipita siku 40, uliza sababu. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipitia tundu lililokuwa limezibwa tangu Machi. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Amri hii haionyeshi kivinjari wala ruta, na ruta ndiyo husahaulika zaidi. Hiyo ingia mwenyewe uikague.

Mwisho, mwulize mfanyakazi wa kaunta, si bosi: faili zikigoma kufunguka sasa hivi, unafanya nini? Wengi husema watazima mashine. Achomoe waya wa mtandao au azime waifai, aache kompyuta ikiwaka ili ushahidi ulio kwenye kumbukumbu ya muda usipotee, kisha apige simu. Namba za kupigia ziwe kwenye karatasi ukutani, maana zilizo ndani ya kompyuta zitakuwa zimefungwa pamoja na faili. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huitaka biashara inayotunza data za watu imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wateja, kwa hiyo karatasi hiyo itaje pia nani ataandika taarifa.