"Dada, karibu kila jeni imeshuka": dhana potofu katika kulinganisha hesabu za RNA

Binti mmoja wa shahada ya uzamili alinifuata Upanga na kompyuta yake mpakato ikiwa wazi. Alikuwa analinganisha damu ya watoto wenye selimundu, au sikoseli kama wengi wetu tunavyoiita Dar es Salaam, na damu ya ndugu zao wasio na ugonjwa huo. Alitaka kujua ni jeni zipi zinatoa RNA nyingi zaidi au kidogo zaidi kwa wagonjwa. "Dada," akaniambia, "karibu kila jeni imeshuka kwa wagonjwa. Hii inawezekana kweli?"

Haikuwezekana. Kosa lilianzia kwenye dhana ambayo naisikia mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitaanza nayo na kukaa nayo kwa muda.

Dhana: ukigawanya kila hesabu kwa jumla ya sampuli yake, umeshasawazisha

Wazo lenyewe linaingia akilini. Mashine ikisoma vipande milioni 30 vya RNA kutoka kwa Asha na milioni 15 kutoka kwa Juma, huwezi kulinganisha namba zao hivihivi. Basi unagawanya kila hesabu kwa jumla ya sampuli, unazidisha kwa milioni moja, na unadhani kazi imekwisha.

Tatizo ni kwamba mashine haisomi RNA yote iliyomo kwenye damu. Inasoma sehemu tu, na nafasi zake zina kikomo. Fikiria unakadiria watu waliopo kituo cha Kimara kwa kuwahesabu waliofanikiwa kupanda basi moja la mwendokasi. Siku wanafunzi wakijazana, watu wazima ndani ya basi watakuwa wachache. Ukisema watu wazima wamepungua Kimara, utakuwa umekosea. Wapo palepale kituoni, ila nafasi zimechukuliwa.

Kwenye damu nzima, wanafunzi hao ni RNA ya himoglobini: jeni `HBB`, `HBA1` na `HBA2`. Mwenye selimundu hupoteza chembe nyekundu haraka, na uboho wake hujibu kwa kumwaga chembe changa kwenye damu. Chembe changa bado zimebeba RNA nyingi ya himoglobini, wakati zilizokomaa hazina RNA ya maana. Kwa hiyo kundi la wagonjwa huwa na `HBB` nyingi kuliko kundi la ndugu zao, na ziada hiyo inakula nafasi za jeni nyingine zote.

Tazama mfano mdogo niliomtengenezea kwenye karatasi. Jeni ni tano na sampuli ni mbili, na kila sampuli imesomwa vipande 10,000 kamili. Mstari wa kwanza ni `HBB`.

```r
library(DESeq2)
m <- cbind(ndugu    = c(5000, 500, 1000, 1500, 2000),
           mgonjwa  = c(8000, 200,  400,  600,  800))
estimateSizeFactorsForMatrix(m)
```

Kwa kuwa jumla zinalingana, njia ya kugawanya kwa jumla haibadilishi kitu. Itakuambia `HBB` imepanda mara 1.6 tu, na jeni nyingine nne zote zimeshuka mara 2.5. Jeni nne kati ya tano kushuka kwa uwiano uleule kabisa ni dalili ya kutosha kwamba tatizo liko kwenye mizani.

DESeq2, programu iliyochapishwa na Michael Love, Wolfgang Huber na Simon Anders mwaka 2014, inauliza swali jingine. Kwa kila jeni inatafuta wastani wa jiometri wa sampuli zote, kisha inagawanya hesabu ya kila sampuli kwa wastani huo. Kwa jeni ya pili, wastani ni kipeuo cha pili cha 500 × 200, yaani 316.2. Ndugu anapata 500 ÷ 316.2 = 1.58, mgonjwa anapata 0.63. Jeni ya tatu, ya nne na ya tano zinatoa majibu hayohayo. `HBB` peke yake inatoa 0.79 na 1.26. Sasa panga majibu matano ya kila sampuli na uchukue la katikati: 1.58 kwa ndugu, 0.63 kwa mgonjwa. Hicho ndicho kigawanyo cha sampuli. `HBB` haikuwa na nguvu ya kukisogeza, kwa sababu ni jeni moja tu hata kama imebeba vipande 8,000.

Gawanya hesabu kwa vigawanyo hivyo. Jeni ya pili inakuwa 316 pande zote mbili, na wenzake vilevile hawana tofauti. `HBB` inakuwa 3,162 kwa ndugu na 12,649 kwa mgonjwa. Imepanda mara nne. Badiliko la kweli lilikuwa limefichwa, na manne ya uongo yalikuwa yametengenezwa.

Njia hii nayo ina sharti lake, na ni vizuri kulijua kabla ya kuiamini: inadhani jeni nyingi hazijabadilika, au zilizopanda na zilizoshuka zinakaribia kulingana. Likivunjika, jibu la katikati nalo linapotoka. Ndiyo maana kwanza natazama mchoro wa `plotMA(res)`. Wingu la jeni linapaswa kulala kwenye mstari wa sifuri, yaani pasipo badiliko. Natazama pia `sizeFactors(dds)` pamoja na `colSums(counts(dds))`: vigawanyo vya wagonjwa wote vikiwa upande mmoja na vya ndugu upande mwingine, ilhali jumla zao zinafanana, najua kuna kitu kinachokula nafasi, na nakitafuta kwa jina.

Kuna jambo jingine ambalo kusawazisha hakuwezi kuliondoa. Jeni kama `ALAS2` na `AHSP` zitapanda kwa wagonjwa hata baada ya hesabu kukaa sawa, kwa sababu nazo ni za chembe nyekundu changa. Hilo ni badiliko la kweli kwenye damu, ila halimaanishi kwamba kila chembe imeongeza kasi ya kuzitumia. Chembe zenye jeni hizo ndizo zimeongezeka. Usipolisema hili kwenye ripoti, msomaji atalielewa vibaya.

Dhana: ukiipa DESeq2 jedwali lililokwisha kusawazishwa, unaisaidia

Hapana, unaipofusha. Hesabu ghafi zinabeba habari ya uhakika wake. Tofauti ya 10 na 20 inaweza kuwa bahati tu. Tofauti ya 1,000 na 2,000 bahati hiyo ni ndogo zaidi, ingawa zote ni mara mbili. Ukiingiza TPM, yaani hesabu zilizokwisha kugawanywa kwa urefu wa jeni na kwa jumla ya sampuli, habari hiyo imepotea. Programu itagoma ikiona desimali, na hapo ndipo watu huandika `round()` na kuendelea. Haitagoma tena, lakini hesabu zake za makosa zitakuwa zimejengwa juu ya mchanga. Ukiwa na makadirio ya hesabu kutoka programu ya Salmon, yapitishe kwenye `tximport` na `DESeqDataSetFromTximport`.

Kwa data yake tuliandika hivi:

```r
dds <- DESeqDataSetFromMatrix(hesabu, sampuli,
                              design = ~ familia + hali)
dds <- DESeq(dds)
res <- results(dds, alpha = 0.05,
               contrast = c("hali", "selimundu", "bila"))
```

Neno `familia` halipo kwa ajili ya mapambo. Mgonjwa na ndugu yake wanafanana kwa chakula, nyumba na sehemu ya jeni zao, na hapa kila mgonjwa analinganishwa na ndugu yake kwanza.

Dhana: p chini ya 0.05 inatosha

Tuseme unapima jeni 20,000 na ugonjwa haubadilishi hata moja. Bado utarajie takriban jeni 1,000 zenye p chini ya 0.05, kwa bahati tu. Kwa hiyo mtu akija na jeni 1,600, huenda zaidi ya nusu hazina lolote, na hana njia ya kuzitofautisha.

Kinyume chake, kuna wanaodhani `padj`, yaani p iliyosahihishwa kwa wingi wa vipimo, ni p iliyopigwa adhabu isiyo na mpango. Mpango upo, na unaweza kuufanya kwa kalamu. Benjamini na Hochberg waliuchapisha mwaka 1995. Chukua p tano: 0.002, 0.012, 0.015, 0.044 na 0.60. Zidisha kila moja kwa idadi ya vipimo, yaani 5, kisha gawanya kwa nafasi yake kwenye mstari. Unapata 0.010, 0.030, 0.025, 0.055 na 0.60. Halafu rudi kutoka mwisho: hakuna anayeruhusiwa kuwa mkubwa kuliko anayemfuata, kwa hiyo 0.030 inashuka hadi 0.025.

```r
p.adjust(c(0.002, 0.012, 0.015, 0.044, 0.60), method = "BH")
# 0.010 0.025 0.025 0.055 0.600
```

Ndiyo sababu unaona jeni kadhaa zenye `padj` moja kabisa. Si hitilafu. Na ile ya 0.044, ambayo wengi wangeishangilia, imeachwa nje.

Sasa maana yake. Ukipata jeni 400 zenye `padj` chini ya 0.05, ahadi ni kwamba kwa wastani zisizo za kweli hazizidi takriban 20 ndani ya orodha nzima. Haisemi kwamba kila jeni ina uhakika wa asilimia 95. Iliyo juu kabisa ina uhakika mkubwa zaidi, na iliyoingia kwa 0.049 ina uhakika mdogo kuliko wastani wa orodha. Ukichagua jeni moja tu ya kupeleka maabara kuipima upya, usiiokote mkiani.

Ahadi hiyo pia inavunjika ukiikata orodha baadaye. Kuchuja kwa `padj` kisha kutupa zote zilizobadilika chini ya mara mbili ni mazoea yaliyoenea, lakini orodha inayobaki haina tena dhamana kwamba jeni zake zimevuka mara mbili. Kama hilo ndilo swali lako, liulize tangu mwanzo kwa `lfcThreshold = 1` ndani ya `results()`.

Dhana: `NA` kwenye `padj` ni hitilafu ya kuzibwa

Nimeona watu wakiziba `NA` kwa thamani ya p, na nimeumia. `NA` hizo zina sababu zake. `baseMean`, yaani wastani wa hesabu za jeni kwenye sampuli zote, ikiwa 0 na safu nyingine zote ni `NA`, jeni haikuonekana popote. Ikiwa `baseMean` ipo lakini `pvalue` na `padj` ni `NA`, kuna sampuli moja yenye hesabu ya ajabu iliyopita kiasi. Fungua `plotCounts()` uitazame. Ikiwa ni `padj` pekee, jeni ina hesabu ndogo mno, ikaondolewa kabla ya kusahihisha ili isiongeze idadi ya vipimo bure. Uondoaji huo hutegemea `alpha`, ambayo isipoandikwa ni 0.1, ndiyo maana niliandika 0.05 pale juu. Kuchukua jeni zilizopita, tumia `res[which(res$padj < 0.05), ]`. Bila `which`, R itakataa kwa sababu ya hizo `NA`.

Kabla binti hajaondoka tulichora `hist(res$pvalue[res$baseMean > 10], breaks = 50)`. Mchoro mzuri ni tambarare, wenye mnara karibu na sifuri. Wake ulikuwa na mnara, lakini upande wa kulia nao ulikuwa unapanda kuelekea 1, ishara kwamba kuna chanzo cha tofauti ambacho hakijaingia kwenye `design`. Nikamuuliza kama RNA yote ilitolewa siku moja. Akafungua daftari la maabara: familia nne za kwanza, sampuli za wagonjwa zilishughulikiwa wiki moja na za ndugu wiki iliyofuata. Kwa hizo nne, wiki na ugonjwa vimeshikana, na hakuna mstari wa R unaoweza kuvitenganisha. Akaziweka kando, akaanza upya na familia zilizobaki.