Homa ya mguu inayorudi: penisilini hulinda, lakini tazama kati ya vidole

Mguu uliovimba muda mrefu hushindwa kupitisha limfu, yaani majimaji yanayosaidia mwili kuondoa vijidudu, na bakteria wanaoingia kwenye ngozi yake hawaondolewi upesi. Mara nyingi bakteria hao ni streptokokasi, nao huleta maambukizi ya ngozi yenye homa. Kila maambukizi huharibu mishipa ya limfu zaidi, uvimbe ukaongezeka, na shambulio linalofuata likapata njia rahisi.

Chukua mama muuza samaki wa pwani ya Tanzania, mwenye matende mguu wa kushoto, aliyeugua homa hii mara tatu ndani ya mwaka. Kila mara huanza kwa kutetemeka kwa baridi na mtoki wenye maumivu, kisha mguu unakuwa wa moto na kuuma hata ukiguswa kidogo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo mimi hulinganisha joto la miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono. Kisha natanua vidole kimoja kimoja. Hapo ndipo mlango ulipo: ngozi nyeupe iliyolowa, yenye nyufa za fangasi.

Huyu anastahili penisilini ya kinga. Utafiti uliofanyika Uingereza na Ayalandi, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapa watu waliougua maambukizi haya ya mguu angalau mara mbili penisilini V miligramu 250 asubuhi na jioni kwa miezi 12. Katika mwaka huo ugonjwa uliwarudia 22 kati ya kila 100, dhidi ya 37 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Walipoacha, kinga ilififia. Tena ilikuwa hafifu kwa wanene, wenye uvimbe na waliougua mara tatu au zaidi, yaani watu kama huyu mama. Asiyeweza kufuata vidonge huchomwa benzathini penisilini, kwa kawaida yuniti milioni 1.2 kila baada ya wiki tatu au nne. Kabla ya yote namuuliza kama amewahi kudhuriwa na penisilini.

Kwa hiyo mwaka wa dawa ndio muda wa kuutengeneza mguu. Kila jioni auoshe kwa sabuni na maji ya kawaida, bila kusugua, mpaka ndani ya mikunjo. Akaushe kila uwazi wa vidole kwa kitambaa laini, apake dawa ya fangasi, na sehemu kavu apake mafuta. Nasisitiza kukausha, kwa sababu wengi huosha vizuri kisha huvaa viatu vidole vikiwa vimelowa. Akikaa auinue mguu, akilala auegemeze juu ya mto. Bandeji au soksi za kubana husaidia sana, mradi mtoa huduma ahakikishe kwanza kuwa damu inafika vizuri mguuni.

Homa ikirudi wakati anatumia kinga, asiongeze vidonge mwenyewe. Anahitaji dozi kamili ya tiba. Afungue bandeji, aupoze mguu kwa kitambaa chenye maji baridi, na aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Akianza kuchanganyikiwa, au ngozi ikitoa malengelenge au kuwa nyeusi, apelekwe hospitali mara moja.