“Anaweza”, “anapaswa”, “inapobidi”: kifungu kimoja cha mkataba wa jenereta

Kazi yangu kubwa ni kupitia mikataba ya huduma kabla haijasainiwa: usafi, ulinzi, lifti, kompyuta, jenereta. Kurasa zinazohusu malipo huwa zimeandikwa kwa uangalifu, maana kila upande umezisoma mara kadhaa. Kifungu kinachosema nani afanye nini na lini ndicho huandikwa kwa haraka, mara nyingi kikinakiliwa kutoka mkataba wa zamani. Leo nataka nichukue kifungu kimoja cha aina hiyo nikifungue chote. Ni cha matengenezo ya jenereta katika zahanati yenye friji ya chanjo, na nimekipunguza kidogo ili kisomeke kwa urahisi:

“Mtoa Huduma anaweza kukagua jenereta kila mwezi na kufanya sevisi inapobidi. Mtoa Huduma anapaswa kufika mapema iwezekanavyo pindi atakapojulishwa kuhusu hitilafu. Vipuri vilivyochakaa vitabadilishwa. Mteja hapaswi kulipia usafiri wa fundi.”

Ukikisoma upesi unakiona kizuri. Mwenye zahanati alikisoma akaelewa kwamba fundi atakuja kila mwezi, atakimbia akiitwa, na vipuri vimo ndani ya ada. Mtoa huduma alikisoma akaelewa kwamba akiona haja atakuja, akiitwa atajitahidi, na vipuri vitanunuliwa na mwenye mashine. Hakuna aliyedanganya. Maneno yenyewe yanabeba maana zote mbili.

Tuanze na “anaweza”. Neno hili lina kazi tatu katika usemi wa kila siku. Fundi anaweza kukagua kwa sababu ana ujuzi, au kwa sababu ameruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mashine, au kwa sababu huenda ikatokea akakagua. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfunga. Mwaka mzima ukipita bila ukaguzi, mtoa huduma hajavunja chochote, kwa sababu alichopewa ni nafasi. Wapo wanaoniambia kwamba mahakama itaona nia ya wahusika. Huenda, lakini mkataba ukishaandikwa, sheria ya ushahidi inabana sana nafasi ya kuleta maelezo ya mdomo ili kubadilisha kilichoandikwa. Tanzania tuna pia Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inayoeleza ni neno gani linatoa hiari na ni lipi linatoa amri. Ila hiyo inatafsiri sheria zilizotungwa, haitafsiri makubaliano ya zahanati na fundi wake. Katika mkataba, maana ya neno lazima muiweke wenyewe.

“Anapaswa” ni gumu zaidi, kwa sababu linasikika kama amri. Ukimwambia mtoto anapaswa kusalimia wakubwa, unamfundisha adabu, na asiposalimia utamkumbusha. Ukimwambia mpangaji anapaswa kulipa kodi tarehe 1, unamdai. Neno ni lile lile, na uzito wake unatokana na anayesema na anayeambiwa. Kwenye karatasi hakuna sauti wala uso, kwa hiyo wakili wa upande wa pili atasema, kwa haki kabisa, kwamba lilikuwa pendekezo la utendaji mzuri. Likikanushwa ndiyo hatari huongezeka. “Mteja hapaswi kulipia usafiri” lina maana gani? Kwamba halazimiki kulipa, au kwamba amekatazwa kulipa? Katika mfano huu tofauti ni ndogo, lakini andika “Mtoa Huduma hapaswi kutumia fundi wa nje” na utaona wajibu, ushauri na katazo vikigombania sentensi moja.

Kuna na kauli ya “vitabadilishwa”. Hapa neno lenyewe halina utata. Aliyekosekana ni mtendaji. Vipuri vitabadilishwa na nani, kwa fedha ya nani? Kila ninapoona kitenzi cha kutendwa ndani ya kifungu cha wajibu, nasimama na kutafuta mtu. Nisipompata, najua mgogoro wa ankara uko njiani.

Utaratibu wangu ni kuivunja kila sentensi na kuamua kwanza ni ya aina gani: wajibu, ruhusa, katazo, au haki ya kudai. Baada ya hapo natumia usemi mmoja tu kwa kila aina, mkataba mzima. Kwa wajibu naandika “ana wajibu wa”. Kwa ruhusa naandika “anaruhusiwa, kwa hiari yake,”. Kwa katazo, “haruhusiwi”. Palipo na jambo ambalo mtu halazimiki kulifanya, naandika “halazimiki”, na sitaki kuona “hapaswi” popote. Kwenye kifungu cha tafsiri naweka mstari mmoja unaosema kwamba “ana wajibu wa” maana yake ni jambo ambalo kutolitekeleza ni uvunjaji wa mkataba.

Lakini kubadilisha “anapaswa” kuwa “ana wajibu wa” na kuishia hapo ni kazi nusu. “Mtoa Huduma ana wajibu wa kufika mapema iwezekanavyo” bado haipimiki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani na haiwezi kufanywa ijulikane ni batili. Ni nadra “mapema iwezekanavyo” kufikia hapo. Kwa kawaida itasomwa kama muda unaofaa, na muda unaofaa ni swali la ushahidi. Mwenye zahanati atajikuta akithibitisha foleni ilikuwaje siku ile na mafundi wangapi walikuwa zamu. Wakati huohuo chanjo zake zinatakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na friji haisubiri ushahidi.

Kwa hiyo kila wajibu naupa kipimo, na kipimo cha muda nakipa mwanzo. Saa zinaanza kuhesabiwa fundi aliponyanyua simu, au ujumbe ulipotumwa? Naandika: tangu taarifa ilipotumwa kwa namba iliyotajwa kwenye kiambatisho. Pia nawasihi sana wanaoandika mikataba kwa Kiswahili waangalie neno “saa”. “Afike saa 4” na “afike ndani ya saa 4” zinatofautiana kwa maneno mawili tu, na mtu mwenye haraka atayaruka. Mimi huandika “ndani ya muda wa saa 4 tangu” kwa muda unaopita, na “saa 4:00 asubuhi” kwa saa ya ukutani. “Kila mwezi” nayo ina mtego wake: ukaguzi wa Januari 31 na wa Februari 1 umetimiza miezi miwili kwa usiku mmoja.

Baada ya mazungumzo, kifungu kilisomeka hivi:

“4.1 Mtoa Huduma ana wajibu wa kukagua jenereta mara moja katika kila mwezi wa kalenda, kwa kufuata orodha ya Kiambatisho A. Kati ya ukaguzi mmoja na unaofuata zitapita si chini ya siku 20.

4.2 Mtoa Huduma ana wajibu wa kubadilisha oili, filta ya oili na filta ya dizeli kila mita ya jenereta inapoongezeka kwa saa 250, au kila inapotimia miezi 6 tangu sevisi iliyotangulia, lolote litakalotangulia. Gharama ya vifaa hivyo imo ndani ya ada ya mwezi.

4.3 Mteja anapotoa taarifa ya hitilafu, Mtoa Huduma ana wajibu wa kufikisha fundi kwenye zahanati ndani ya muda wa saa 4 tangu taarifa ilipotumwa, siku yoyote, mchana au usiku. Jenereta ikiwa haijawaka ndani ya muda wa saa 12 tangu taarifa hiyo, Mtoa Huduma ana wajibu wa kuleta jenereta ya akiba yenye uwezo usiopungua KVA 20, kwa gharama yake.

4.4 Mtoa Huduma anaruhusiwa, kwa hiari yake, kubadilisha kipuri kingine chochote kilichoharibika chenye bei isiyozidi Sh 150,000 na kumdai Mteja bei hiyo. Haruhusiwi kubadilisha kipuri cha bei ya juu ya hapo bila kibali cha maandishi cha Mteja.

4.5 Mteja halazimiki kulipia usafiri wa fundi.”

Tazama 4.3. Sentensi ya zamani ilizungumzia kufika tu. Fundi angeweza kufika, akafungua boneti, akasema pampu ya dizeli imekufa, akaondoka akiwa ametimiza kila kitu. Alichokihitaji mwenye zahanati ni umeme. Hata hivyo sikuandika kwamba mtoa huduma ana wajibu wa kuitengeneza ndani ya saa 12, ingawa mteja aliniomba hivyo. Kipuri kinachoagizwa nje ya nchi hakiko mikononi mwa fundi, na wajibu usiotekelezeka ama utakataliwa mezani, ama utapandishiwa bei, ama utasainiwa na mtu asiye na nia ya kuutimiza. Jenereta ya akiba iko ndani ya uwezo wake. Uwezo wa KVA 20 ulitokana na kujumlisha mzigo wa friji, taa za chumba cha kujifungulia na maabara. Asingeweza kukisia wakili.

Tazama pia 4.4, maana watu hudhani kazi hii ni ya kufuta “anaweza” kila linapoonekana. Hapa hiari inahitajika kweli. Fundi akikuta betri yenye nguzo iliyolika usiku wa manane, tunataka awe na ruhusa ya kuibadilisha bila kumwamsha mtu. Tulichofanya ni kuipa ruhusa hiyo mipaka.

Mtoa huduma alipinga muda wa saa 4 kwa taarifa zinazotumwa usiku. Alisema mafundi wake wawili wanakaa mbali na barabara ya kwao hupitika vibaya mvua zikinyesha. Ilikuwa hoja ya kweli, na maneno “mapema iwezekanavyo” yalikuwa yameificha. Walikubaliana saa 4 zibaki, ada ya mwezi iongezwe kidogo, na zahanati inunue boksi la baridi la akiba.

Kilichobaki ni matokeo ya kuchelewa. Kifungu cha 73 cha Sura ya 345 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara, lakini hasara hiyo lazima ithibitishwe. Kifungu cha 74 kinaruhusu wahusika kutaja kiasi mapema, na mahakama itatoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho, hata kama hasara halisi haikuthibitishwa. Ndiyo maana tuliweka makato ya asilimia 5 ya ada ya mwezi kwa kila saa ya kuchelewa kufika, yasiyozidi asilimia 50. Kiasi kikiwa cha kutisha, kisicholingana na hasara, hakisaidii, kwa kuwa mahakama itakishusha.

Hatua ya mwisho naifanya kwenye kompyuta. Natafuta “anaweza”, “anapaswa”, “hapaswi”, “atatakiwa”, “inapobidi”, “iwezekanavyo” na “ipasavyo” kwenye hati nzima, viambatisho vikiwemo. Ukirekebisha kifungu cha 4 na kuacha “anapaswa” kwenye kifungu cha 9, umempa mpinzani hoja nzuri: kama wahusika walijua kuandika “ana wajibu wa” pale walipotaka kufungana, basi palipobaki “anapaswa” hawakutaka. Kwenye mkataba huu lilijificha Kiambatisho A, mstari wa kumi na moja: “Fundi anapaswa kujaza kadi ya sevisi.” Kadi hiyo ndiyo ushahidi wa 4.1 na 4.2.