Kuuliza kuhusu kujiua: dhana tatu ninazokutana nazo darasani

Kila ninapoanza kipindi cha igizo na wanafunzi wa uuguzi wa afya ya akili, huwa najua watakwama wapi. Wanauliza vizuri kuhusu usingizi, hamu ya kula na dawa. Wakifika kwenye swali lenyewe, sauti inashuka na swali linapindishwa.

Dhana: Ukimuuliza mgonjwa kuhusu kujiua, unampa wazo hilo.

Ukweli: Humpi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York. Nusu waliulizwa kuhusu kujiua kwenye dodoso la kwanza, nusu hawakuulizwa. Wote walipopimwa tena baada ya siku mbili, walioulizwa hawakuwa na dhiki zaidi wala mawazo zaidi ya kujiua, na waliokuwa na sonona walionekana hata kuwa na dhiki kidogo kuliko wenzao wasioulizwa. Woga ni wa muuguzi, na ni woga wa kweli: mara nyingi anachohofia ni kwamba jibu likiwa “ndiyo”, hatajua la kufanya.

Dhana: Mradi umeuliza, maneno uliyotumia si hoja.

Ukweli: Maneno ndiyo yanayoamua kama utaambiwa ukweli. Katika igizo moja, mwanafunzi alicheza mzee wa miaka 58 aliyefiwa na mkewe miezi 4 iliyopita. Aliyecheza muuguzi aliuliza, “Mzee, huna mawazo mabaya, sivyo?” Akajibiwa, “Sina, binti,” akashusha pumzi na kuhamia kwenye shinikizo la damu.

Swali hilo lina makosa mawili. Limeanza na ukanushi, kwa hiyo mzee ameshaonyeshwa jibu linalotakiwa. Na “mawazo mabaya” yanaweza kuwa chochote. “Kujidhuru” nalo halitoshi, kwa sababu kuna anayetaka kufa ambaye hajioni kuwa anataka kujidhuru, naye atakujibu hapana bila kukudanganya. Neno la kutumia ni kujiua.

Tulirudia. “Mzee, umeniambia hulali, na unajiona mzigo kwa wanao. Mtu akielemewa hivyo, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe umefikiria?” Kisha akanyamaza. Ukimya huo ndio mgumu kuliko swali, na wanafunzi wengi huuvunja mapema kwa kuuliza jambo jingine. Mzee alitazama chini kitambo, akasema, “Nimefikiria, binti. Usiku.”

Hapo muuguzi hashtuki wala hahubiri kuhusu wanawe. Anashukuru kuambiwa, kisha anauliza moja moja: mara ya mwisho ilikuwa lini, amefikiria atafanyaje, kitu hicho anacho karibu, amekusudia kweli kufanya hivyo, ameshaanza maandalizi, aliwahi kujaribu zamani, na nini kimemzuia mpaka leo. Mzee huyu alifikiria juzi, kitu anacho nyumbani, na alijaribu mara moja ujanani. Kinachomzuia ni mjukuu anayelala chumbani kwake, na mwisho wa mwezi mjukuu huyo anahama. Jambo hilo la mwisho lisingejulikana kama maswali yangeishia kwenye “sina”.

Kwa majibu hayo haachwi peke yake. Muuguzi anamweleza kwamba hili hawezi kulifanya siri, analifikisha kwa timu mara moja, na wanapanga pamoja naye jinsi ndugu atakavyokiondoa kitu hicho nyumbani. Mpango wa usalama huandikwa kwa maneno ya mzee mwenyewe: dalili zinazomwonya kuwa usiku unakuwa mbaya, anachoweza kufanya akiwa peke yake, wa kukaa naye, wa kumwomba msaada, na huduma ya kukimbilia. Kumfanya atie saini ahadi kwamba hatajiua si badala ya mpango huo. Haijathibitishwa kwamba inalinda.

Dhana: Alama za fomu ya kupima hatari zitakuambia nani atajiua.

Ukweli: Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu watu waliojidhuru unasema wazi kwamba vipimo vya alama visitumiwe kutabiri kujiua, wala kuamua nani apewe huduma. Wengi wanaokufa walikuwa wamepangwa kwenye “hatari ndogo”. Fomu inakukumbusha maswali, basi. Kwenye kumbukumbu, “hatari ya kati” haimsaidii muuguzi wa zamu ya usiku. Kinachomsaidia ni: “Anafikiria kujiua usiku, mara ya mwisho juzi, kitu kipo nyumbani, mjukuu anahama mwisho wa mwezi, aulizwe upya kabla ya hapo.”

Na igizo lenyewe lina usalama wake. Huwa watatu: muuguzi, mgonjwa na mtazamaji anayeandika maneno kamili ya maswali. Yeyote anaweza kuinua mkono na igizo likasimama bila kuulizwa sababu, maana darasani pia wamo waliofiwa na mtu aliyejiua au waliowahi kufikiria kujiua, na nafasi ya kuzungumza na mkufunzi faraghani hutajwa kabla ya kuanza. Tukimaliza, aliyecheza mgonjwa anahama kiti, anataja jina lake halisi na anachokwenda kufanya baada ya kipindi.