Umepata 72, hukuitwa: dhana potofu kuhusu mitihani ya uwezo ya benki

Kila msimu wa ajira za wahitimu, vijana ninaowaandaa kwa mitihani ya mchujo ya benki na kampuni huniletea lalamiko lile lile: "Nilipata zaidi ya nusu, nimefaulu, lakini nafasi ya usaili wamepewa watoto wa wakubwa." Upendeleo upo katika nchi zetu, wala sitaukanusha. Hata hivyo, anayelalamika hivi mara nyingi hajui jinsi alama yake ilivyosomwa, na kwa kutojua huko anarudi katika mtihani unaofuata bila kubadili chochote katika maandalizi yake.

Dhana yenyewe ni kwamba mtihani huu una alama ya kufaulu kama ya chuoni, na anayeivuka ana haki ya kuitwa. Ukweli ni kwamba idadi ya majibu yako sahihi hulinganishwa na matokeo ya kundi la watu waliokwisha kufanya mtihani huo huo, aghalabu wahitimu wenzako, na mwajiri huonyeshwa umewazidi wangapi kati ya kila watu 100 wa kundi hilo. Kisha mwajiri huchora mstari wake kwa kuangalia wingi wa waombaji na idadi ya watu ambao wasaili wake wanaweza kuwahoji.

Tuchukulie benki yenye nafasi 20, waombaji 3,000 waliomaliza mtihani, na uwezo wa kusaili watu 120. Mwombaji mmoja amejibu sawasawa maswali 13 kati ya 18 ya hesabu, yaani takriban asilimia 72, na nyumbani wanampongeza. Katika kundi la wahitimu, hata hivyo, alama hiyo imewazidi watu 58 tu kati ya 100, na benki imeweka mstari kwenye 60. Katika mtihani wa ufahamu wa lugha amewazidi 90, lakini hilo halimwokoi, kwa sababu benki hii imeweka mstari wa kila mtihani peke yake na haijumlishi alama. Kijana huyo huyo, akiwa na matokeo hayo hayo, angeitwa na kampuni iliyopata waombaji 300 na kuweka mstari kwenye 40. Na hata waliovuka mstari wa benki bado ni wengi mno kwa viti 120, kwa hiyo hupangwa tena kwa alama, na pengine kwa daraja la shahada, hadi idadi itimie.

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waanze na mtihani ulio dhaifu kwao, si ule wanaoupenda. Kwa wengi huo ni wa kusoma majedwali, asilimia na viwango vya kubadilisha fedha. Maswali 18 kwa dakika 25 yanaacha sekunde 83 kwa kila swali, na muda huo hautoshi kwa mtu anayeanza kukumbuka jinsi ya kukokotoa ongezeko la asilimia wakati saa inakimbia. Jizoezeni kwa kikokotoo na saa mezani.

Wengine huamini kwamba barua pepe inayotoa siku tano inawapa siku tano za kufanya mtihani. Siku hizo ni za kuchagua wakati wa kuanza, na ukishabonyeza kuanza, dakika zako huhesabiwa mfululizo, mara nyingi hata mtandao ukikatika. Likitokea hilo, piga picha ya skrini na uwaandikie walioutuma mtihani papo hapo, si baada ya wiki. Soma pia saa ya mwisho kwa makini: 10:00 iliyoandikwa humo ni saa nne asubuhi, na muda uliotajwa kwa GMT uko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu.

Kuhusu kubahatisha, mitihani mingi ya aina hii huhesabu majibu sahihi pekee, kwa hiyo swali lililoachwa wazi halikulindi. Kama jibu baya linapunguza alama, tarajia kuelezwa katika maelekezo, na maelekezo husomwa kabla saa haijaanza. Kumaliza mapema, kwa kawaida, hakuongezi alama.

Mwisho ni wale wanaompa rafiki hodari wa hesabu awafanyie mtihani nyumbani, jambo linaloniudhi kuliko yote. Waajiri wengi huwapa walioitwa mtihani mfupi wa uthibitisho siku ya usaili, chini ya msimamizi. Matokeo yakipishana mno na yale ya mwanzo, mwombaji anaweza kuondolewa kabla ya kuulizwa swali lolote la kazi.