Chupa ya chai inayopoza: namna ya kuitambua kabla hujalipa

Mama mmoja anayeuza chai na chapati alfajiri alituletea maabara chupa 3 za lita moja moja. Zote ni za chuma kisichoshika kutu, na kwa macho huwezi kuzitenganisha. Alitueleza kwamba moja inamtunzia chai mpaka mchana na mbili zinapoza, kwa hiyo aliamini ameuziwa feki mbili. Tulipozipima, feki ilikuwa moja tu.

Chupa hutunza joto kwa sababu ina kuta mbili, na katikati yake hewa imenyonywa hadi karibu kwisha. Nafasi hiyo huitwa ombwe. Joto likitaka kutoka ndani kwenda nje kwa kupokezana, linahitaji kitu cha kulibeba, na kwenye ombwe hakuna kitu. Mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, alibuni chombo hicho mwaka 1892 kwa ajili ya kutunza gesi zilizopozwa hadi kuwa kimiminika. Chai ilikuja baadaye. Joto linaloweza kuruka ombwe ni lile la mnururisho, kama lile la jua, ndiyo maana kioo cha ndani cha chupa hupakwa fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia.

Sokoni utakuta aina tatu. Ya kwanza ina kioo ndani na ganda la plastiki au bati nje. Hutunza joto vizuri sana na bei yake ni nafuu, lakini ikianguka imekwisha, ingawa nyingi unaweza kufungua kitako na kubadilisha kioo tu. Ya pili ni ya chuma ndani na nje, yenye ombwe katikati. Hii ndiyo ya kupanda nayo bodaboda au kwenda nayo shambani. Ya tatu ina kuta mbili pia, ila katikati kuna hewa ya kawaida au sponji. Aina hii si kosa kuiuza kama chombo cha kubebea maji ya baridi kwa saa moja mbili. Kosa linaanza pale inapoandikwa "saa 24" na kuuzwa kwa bei ya ile ya pili.

Turudi kwa zile 3. Saa 3 asubuhi tulizisuuza kwa maji ya moto ili kuta za ndani zipate joto kwanza, tukazijaza maji ya nyuzi 95 na kuzifunga. Chumba kilikuwa na nyuzi 28. Baada ya dakika 10 tulizishika tumboni kwa kiganja. Mbili zilikuwa baridi kama meza iliyozibeba, zikiwa na ujotojoto kidogo shingoni tu. Ujotojoto huo ni wa kawaida, kwa sababu hapo ndipo ukuta wa ndani unapoungana na wa nje na joto hupita kwenye chuma chenyewe. Ya tatu ilikuwa ya moto tumbo zima, kiasi kwamba ukiishika kwa muda unatamani kuiachia. Hapo jibu limeshapatikana. Joto unalolisikia mkononi ndilo linaloiacha chai.

Saa 9 alasiri, yaani saa 6 baadaye, chupa ya kwanza ilikuwa na nyuzi 81. Ile ya moto tumboni ilikuwa na nyuzi 52. Ya katikati, ambayo tumbo lake lilikuwa baridi, ilikuwa na nyuzi 72.

Ile ya nyuzi 52 tuliikata kwa msumeno wa chuma. Ndani mlikuwa na maganda mawili membamba na hewa tupu katikati, na kitako kilikuwa kimebandikwa kwa gundi. Gundi haiwezi kushikilia ombwe, na chupa hiyo haikuwahi kuwa nalo tangu ilipotengenezwa.

Iliyotufundisha zaidi ni ya nyuzi 72. Ukuta wake ni mzima, kwa hiyo joto lilikuwa linatokea juu. Tulipofungua kizibo tukakuta mpira wake wa duara umejikunja upande mmoja, na chini yake pamegandamana ukoko wa maziwa na sukari. Mvuke ulikuwa unapenya hapo polepole. Watu hudharau mvuke kwa kuwa hauonekani, lakini unabeba joto jingi mno: maji ya vijiko viwili vidogo vya chai yakitoka kama mvuke, lita nzima iliyobaki inashuka kwa nyuzi 5 hivi. Tulivua mpira ule, tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tukaurudisha umelala sawasawa kwenye mfereji wake. Siku ya pili, kwa kipimo kilekile, tulipata nyuzi 80.

Kwa hiyo dukani anza na kizibo. Vua mpira uutazame. Mzuri ni wa silikoni: laini, ukiukunja hauachi alama, na hauna harufu kali ya tairi. Kizibo kiingie kwa kuzungushwa na kikaze mwishoni, si kuzunguka bure. Kisha tia maji ya kawaida, funga, igeuze juu ya karatasi kavu kwa dakika chache. Doa lolote la maji maana yake mvuke utapita pia. Mdomo mwembamba hutunza kuliko mpana. Chupa za kubonyeza zina njia ya bomba kwenye kifuniko, hivyo usizitegemee sawa na za kizibo cha kuzungusha.

Ukimaliza hapo, omba maji ya moto. Karibu na maduka mengi hakosekani mama ntilie mwenye birika jikoni. Jaza, funga, subiri dakika 10, shika tumbo. Muuzaji akikataa, mwombe akuandikie kwenye risiti kwamba utairudisha ikipoza, ukapime nyumbani siku hiyohiyo.

Kwa chupa ya kioo kiganja hakitoshi, maana ganda la plastiki huchelewa kupata moto. Subiri hadi saa nzima. Hata hivyo macho yatakusaidia. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Mng'ao uwe mmoja, bila mabaka meusi. Fedha ya kweli imepakwa upande wa ombwe, kati ya kuta mbili, kwa hiyo kucha haiwezi kuikwangua. Ikibanduka na kubaki kidoleni, hiyo ni rangi. Fungua na kitako: chini ya kioo utaona kincha kidogo, mahali hewa iliponyonywa. Kikiwa kimevunjika, hewa imesharudi.

Wapo wauzaji wanaomwambia mteja aweke sikio mdomoni mwa chupa, akisikia "vuuu" ajue ni nzima. Usikubali kipimo hicho. Mvumo huo ni sauti za mtaani zinazozunguka ndani ya uwazi, na hata chupa tupu ya soda huutoa. Sumaku nayo inakuambia kidogo kuhusu aina ya chuma na haisemi lolote kuhusu ombwe. Maandishi ya "saa 24" pia hayana maana kama hayataji nyuzi. Wajapani, kwa mfano, hupima kwa maji ya nyuzi 95 kwenye chumba cha nyuzi 20, na huandika nyuzi zinazobaki baada ya saa 6. Chupa iliyoandikwa hivyo unaweza kuihoji.

Kwa anayetunza chai ya maziwa au uji wa mtoto au mgonjwa, namba ya kukumbuka ni 60. Chini ya nyuzi hizo vijidudu huanza kuzaliana, na maziwa yaliyokaa saa kadhaa kwenye uvuguvugu yanaweza kumharisha mtu hata kama hayajachacha mdomoni. Chupa ya nyuzi 52 ilikuwa imeshavuka mpaka huo kabla ya saa 9 alasiri. Yule mama amebaki na chupa mbili, na kila jioni anavua mipira yake na kuianika mbali na jiko.